Mkono mzima mnaufunga, mkono mgonjwa mnaupigia makofi

SEHEMU YA KWANZA

Akina mama wa Masoko, Kivinje, Somanga, Mchinga, Lindi mjini na popote mnaponisoma, hodi. Leo siongei kwa upole, mtanivumilia. Mimi ni nesi, wodini nashinda na watoto wenu, na kuna mambo mawili nayaona huku kwetu pwani yakifanywa kinyumenyume kabisa.

La kwanza. Mtoto wa miaka mitatu, mzima, anakimbia, anapanda mwembe, anashika kijiti kwa mkono wa kushoto. Nyumba nzima inashtuka. Bibi anachana kipande cha kanga, mkono unafungwa mbavuni. Nyumba nyingine wanapaka pilipili vidoleni. Nyingine ni kofi tu kila mkono unapotoka.

La pili. Mtoto wa miezi minane. Kila kitu anadaka kwa mkono wa kulia, wa kushoto umelala tu pembeni umekunja ngumi. Nyumba ileile inapiga makofi: mashallah, huyu kajua mkono wake mapema, huyu ana akili!

Jamani. Yule wa kwanza hana tatizo lolote. Yule wa pili anatakiwa aonekane na daktari wiki hii. Yaani mkono mzima mnaufunga, na mkono mgonjwa mnaupigia makofi. Nimechoka kuliona hili, na sehemu hizi zote ninaziandika kwa sababu yake.

Tuanze na mashoto, maana huyo ndiye anayepigwa.

Duniani karibu mtu mmoja katika kila kumi anatumia mkono wa kushoto. Darasa la watoto hamsini, tegemea wanne, watano, sita wawe hivyo. Ukiona darasa lote hakuna hata mmoja, ujue wapo, wamefundishwa kujificha. Ubongo una pande mbili na kila upande unaendesha mwili wa upande wa pili: wa kushoto unaendesha mkono wa kulia, wa kulia unaendesha mkono wa kushoto. Kwa watu wengi kazi ndogondogo za vidole zinaongozwa zaidi na upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana wengi ni wa kulia. Kwa mashoto imepangika vingine. Hajaiga kwa jirani, hajarogwa, na ukaidi haumo humo hata kidogo.

Najua mtakachosema. "Nesi, kushoto ni mkono wa chooni, mtoto atakulaje mbele za watu?" Swali la haki hilo, sisi ni watu wa pwani na adabu ya mezani tunaijua. Hata jina lenyewe linasema, mkono wa kulia, wa kulia chakula. (Huu mwingine wazee wakauita mkono wa kike. Hapo nina la kusema kama mwanamke, ila tuliache siku nyingine.)

Mfundishe kula na kusalimia kwa kulia, hakuna nesi atakayekukataza. Kupeleka tonge mdomoni ni kazi pana, mkono wowote unajifunza kwa kuonyeshwa na kukumbushwa, kama anavyojifunza kusema shikamoo. Mashoto wengi hapa kwetu wanakula kwa kulia vizuri tu. Kuandika, kukata kwa mkasi, kushona na kufunga kamba ni kazi nyingine. Hizo zinataka vidole vinavyoendeshwa na upande wa ubongo unaoongoza. Hapo muache atumie mkono wake.

Kuna watu wazima waliolazimishwa utotoni kuandika kwa kulia. Watafiti wakaja kuwapiga picha za ubongo wakiwa wanaandika. Miaka mingi imepita, mkono wa kulia unaandika safi, lakini ubongo bado unaonyesha alama za mashoto. Kanga ilifunga mkono tu. Ubongo haukufungika.

Kwa hiyo fungua hiyo kanga. Sehemu ya pili jioni.

SEHEMU YA PILI

Wengi mmeniandikia mkisema, sawa nesi, lakini mwanangu mkono mmoja "hauna nguvu" kama mwenzake. Na wengine mnaongelea miili yenu: tangu nijifungue nahisi mguu huu dhaifu, nimeona mtu kwenye simu anasema mwili usiolingana lazima usawazishwe, anauza na mazoezi yake ya wiki sita.

Sasa hapo ndipo ninapotaka kugombana na watu. Nani kakwambia mwili unalingana?

Fundi wa fiziotherapia ana kifaa kidogo cha chuma, unakibana kwa kiganja, mshale unaonyesha umebana kwa kilo ngapi. Tuseme baba mvuvi kabana. Kulia kilo 44, kushoto kilo 40. Tofauti ni kilo 4, yaani kama asilimia 9 ya ule mkono wenye nguvu. Je, huyu anaumwa? Haumwi. Kanuni ya zamani wanayoitumia wataalamu wa mikono ni kwamba mkono unaoongoza huzidi mwenzake kwa kama asilimia 10. Wengine chini ya hapo, wengine juu kidogo.

Na hapa kuna jambo tamu. Hiyo kanuni inawafaa watu wa kulia. Kwa mashoto mikono hukaribia kulingana, na wengine wa kulia ndio unazidi. Kwa nini? Kwa sababu vitu vimetengenezwa kwa ajili ya walio wengi. Gurudumu la cherehani liko kulia. Mkasi unakata vizuri ukiwa kulia. Mashoto anaishi kwenye nyumba ya watu, mkono wake wa pili unapata kazi kila siku. Kazi ndiyo inayojenga nguvu.

Angalia kazi zetu wenyewe. Mama anayekuna nazi kwenye mbuzi kila asubuhi, mkono mmoja unasukuma na kuzungusha kifuu, mwingine unasaidia tu. Wanawake wanaotafuta pweza Songo Songo maji yakitoka, mkono mmoja unachokoa kwenye mwamba, wa pili umebeba. Na wewe uliyembeba mtoto kiunoni sasa hivi huku unasoma, nakuhakikishia wengi mmembeba kushoto ili mkono wa kulia ubaki huru kukoroga chungu. Ukifanya hivyo mwaka mzima, nyonga na mgongo vitazoea upande mmoja. Mwili umefanya kama ulivyotumwa. Ukichoka upande huo, mhamishe mtoto upande wa pili, basi. Hakuna cha kulipia wiki sita.

Miguu ndiyo inayochanganya watu zaidi. Mtoto anapiga chandimu kwa mguu wa kulia, unasema mguu wenye nguvu ni wa kulia. Lakini wakati anapiga, nani kabeba mwili mzima? Ni wa kushoto, umesimama mchangani, unashika mizani. Kila mguu una ujuzi wake. Ukiwapima watu wazima wazima kabisa kwa kuruka mguu mmoja mmoja, tofauti ya asilimia 10 au hata 15 ni jambo la kawaida. Tena kwa mtu yuleyule, kipimo cha kuruka mbele kinaweza kusema kulia kunazidi, kipimo cha kuruka juu kikasema kushoto. Umrudie wiki ijayo, yamegeuka. Sasa huyo wa kwenye simu anasawazisha kitu gani?

Hiyo asilimia 10 wanayoinadi imetoka mahali halali, tatizo wameitoa ilikokuwa. Mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa goti, kabla hajarudishwa uwanjani, hupimwa kama mguu ule umefika angalau asilimia 90 ya mwenzake. Ni kipimo cha mtu aliyeumia. Wao wamekichukua wakambandika mama mwenye afya yake ambaye hajaumia popote.

Mnamjua Usain Bolt. Mwaka 2009 kule Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, na hakuna aliyeifikia. Uti wa mgongo wake una mkunjo wa pembeni, yeye mwenyewe amelisema, na mguu wake wa kulia ni mfupi kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipochunguza mwendo wake walikuta mguu wa kulia unagonga ardhi kwa nguvu zaidi ya wa kushoto kwa kama asilimia 13, na wa kushoto unakaa chini muda mrefu zaidi. Binadamu mwenye mbio kuliko wote, na hakulingana.

Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayeruka vizuri kwa mguu mmoja kuliko mwingine, kiatu kimoja kinachoisha kabla ya kingine, mguu mmoja unaobana kwenye ndala na mwingine haubani, acheni. Hakuna haja ya kumpeleka kuchuliwa. Tena wale wanaovuta miguu ya watoto wachanga "ilingane", naomba mikono yao ikae mbali. Mfupa wa mtoto ni laini, nyonga yake bado inajijenga.

Sasa subirini. Msije mkatoka hapa mkasema nesi kasema kila tofauti ni kawaida. Sikusema hivyo. Kesho asubuhi.

SEHEMU YA TATU

Hii ndiyo ninayotaka muihifadhi kwenye simu.

Mkono unaoongoza una wakati wake wa kujitokeza. Miezi minne mitano mtoto anaanza kufuata vitu kwa mikono yote. Miezi sita saba anahamisha kitu kutoka mkono huu kwenda huu. Mpaka mwaka unakaribia, anatumia mkono ulio karibu na kitu: ukiweka kijiko kushoto anachukua kwa kushoto, ukiweka kulia anachukua kwa kulia. Leo utadhani wa kulia, kesho utadhani mashoto. Ndivyo inavyotakiwa. Upendeleo unaanza kuonekana vizuri kwenye mwaka na nusu mpaka miaka miwili, na kwa wengi unatulia kwenye mitatu minne.

Kwa hiyo mtoto ambaye hajatimiza mwaka halafu tayari "kachagua" mkono, kila siku, kwa kila kitu, hajachagua. Mara nyingi anakimbia mkono usiomtii. (Aliyezaliwa njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.)

Nikupe mfano. Mtoto wa kiume, miezi minane, uzito mzuri, kadi ya kliniki imejaa, chanjo zote. Kaletwa kwa kikohozi tu. Mama mtu anajisifia kwamba baba yake atapata nahodha, mtoto kaanza na mkono wa kulia. Nikamwomba amkalishe mapajani, mgongo wa mtoto kifuani kwake, uso kwangu. Nikaonyesha kifuniko cha chupa katikati: akadaka kwa kulia. Nikakipeleka kulia: kulia. Nikakipeleka kushoto kabisa, karibu na ngumi yake ya kushoto. Mkono wa kulia ukavuka kifua chote kukifuata, na ule wa kushoto uliokuwa pale pale haukunyanyuka.

Hapo mtu unakaa sawa kwenye kiti.

Nikamshika mkono wa kulia taratibu, kwa mchezo, nikaona kama wa kushoto utakuja. Ulijaribu, ukaishia njiani, ngumi imefunga na dole gumba limeingia ndani ya kiganja. Nikamwinamisha kidogo upande wa kulia, akatoa mkono kujikinga asianguke. Nikamwinamisha kushoto, hakutoa. Nikamuuliza mama, ukimbadilisha nepi miguu ikoje? Akafikiri. Akasema, "Huu wa kushoto huwa mgumu kuufungua, nilidhani ananibishia."

Hayo mambo yote upande mmoja: mkono hauvuki, ngumi inabana, hajikingi, na mguu wa upande uleule umekaza. Huo ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja mpaka daktari aseme vinginevyo. Mara nyingi chanzo chake ni kiharusi. Ndiyo, watoto wachanga nao wanapata kiharusi: mshipa wa damu wa ubongo unaziba kabla ya kuzaliwa au siku za kuzaliwa, upande wa kulia wa ubongo unaumia, na mwili wa kushoto ndio unaolipa. Uzazi unaweza kuwa ulikwenda salama kabisa, mtoto akalia, akanyonya. Ngumi kukunjwa kwa mtoto wa mwezi mmoja ni kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeona. Mpaka miezi minne mitano ipite na mkono mmoja ufunguke, mwingine ukatae. Mama hana alichokosea, wala hakuna jini aliyepita.

Kwa nini nang'ang'ania mapema? Kwa sababu ubongo wa mtoto mchanga bado unagawa njia, na mkono usiotumika unazidi kunyang'anywa nafasi. Kidonda cha kwenye ubongo hakifutiki, sitawadanganya. Lakini mkono uliofundishwa tangu miezi minane, na ule ulioachwa mpaka shule ianze, si mkono mmoja. Wa kwanza unaweza kushika sahani wakati mwenzake anaosha. Wa pili misuli imekaza, kiwiko kimekunjika, na mtoto amekwisha usahau kama anao.

Matibabu yenyewe ni kazi ya nyumbani kuliko dawa. Kitu anachokipenda kinawekwa upande dhaifu. Anapewa vitu vinavyotaka mikono miwili: mpira, sufuria na mfuniko, kopo la kufungua. Unaongea naye na kumlisha ukiwa umekaa upande ule. Na kuna njia moja itakayowashangaza: mtaalamu anaweza kuuvisha mkono mzima soksi laini kwa muda mfupi kwa siku, kama nusu saa, mtoto akiwa anacheza na mtu, ili ule dhaifu ulazimike kutoka.

Mmeona? Kuzuia mkono kupo kwenye utabibu. Ila anazuiwa mtoto mwenye ugonjwa, kwa dakika, kwa mchezo, mtaalamu akipanga na kupima. Haifanyiwi kanga ya siku nzima, na haihusiani na kuandika kwa kushoto. Wala usiende kujaribu mwenyewe leo usiku kwa sababu umesoma hapa. Mkono mzima nao unajifunza, ukiuzuia ovyo unaudhuru.

SEHEMU YA NNE, NA YA MWISHO

Kuna dada ameandika kwenye maoni kwamba mama mkwe wake amekataa mtoto asipelekwe, anasema achuliwe kwa mafuta ya nazi kwanza mwezi mmoja. Dada yangu, mafuta ya nazi yapakwe, hayana neno, ngozi itang'aa. Kumchua kwa upole hakumdhuru. Mwezi ndio unaomdhuru. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba vyote viwili vinaweza kwenda pamoja, safari ya hospitali na mafuta, na mwende naye. Nimeona mara nyingi bibi akishaona mwenyewe kile kifuniko cha chupa, yeye ndiye anayekuwa mkali kuliko nesi.

Mwingine kauliza kuhusu mtoto aliyezaliwa mkubwa, bega likakwama wakati wa kutoka, na tangu siku ya kwanza mkono mmoja umelegea kama kamba. Huo ni mkasa mwingine, ni mishipa ya fahamu ya begani imevutika. Wengi hupona katika wiki na miezi ya mwanzo, lakini lazima afuatiliwe tangu mwanzo, maana wachache huhitaji upasuaji na upasuaji huo una wakati wake. Usingoje akue.

Na kuna hili ambalo halingoji hata kesho. Mtoto aliyekuwa anatembea vizuri, ghafla, ndani ya siku moja mbili, mguu au mkono unalegea. Paja lililochomwa sindano ya chanjo linaweza kuuma akachechemea siku moja mbili, hilo sawa, mguu bado una nguvu na anausogeza. Ninasema kulegea, hauinuki. Kwa mtoto yeyote chini ya miaka 15 hiyo ni taarifa ya haraka, kwa sababu tunatafuta polio. Tutaomba choo chake mara mbili, kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Msione kero. Tanzania ilithibitishwa kuwa huru na polio mwaka 2015, lakini mwaka 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio, halafu Msumbiji, majirani zetu hawa wa kusini. Wale waliowagongea milango na matone hawakuwa wanazurura.

Watu wazima pia, kwa ufupi. Tofauti uliyonayo tangu ujana, isiyokuzuia kazi, ni yako, ishi nayo. Tofauti mpya ndiyo ya kuangaliwa: mkono ulioanza kuangusha vikombe, ganzi inayokuamsha usiku, msuli unaosinyaa, mguu mmoja uliovimba baada ya kujifungua. Na uso kupinda na mkono kulegea ghafla, hapo ni kuwahi hospitali saa hiyohiyo.

Sasa wapi pa kwenda na huyu mtoto wa miezi minane. Anza zahanati yako au kituo cha afya, uombe rufaa. Kwa Kilwa utaelekezwa Kinyonga, hospitali yetu ya wilaya pale Kivinje, na kutoka hapo Sokoine, Lindi. Ulizia fiziotherapia kwa jina, usitoke bila kuulizia. Wenye uwezo wa kufika Dar, CCBRT pale Msasani wanawaona watoto wa namna hii.

Lakini siku ya kliniki foleni ni ndefu, mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi inajazwa, mnaondoka. Uzito hauonyeshi mkono. Nesi akikuuliza "mtoto hajambo?" ukajibu "hajambo", yamekwisha. Kwa hiyo usiseme hajambo. Sema hivi: "Mtoto wangu ana miezi minane na hatumii mkono wa kushoto." Umri kwanza, halafu mkono gani. Ukiambiwa atakuwa tu mtoto wa kulia, jibu kwamba chini ya mwaka bado ni mapema, naomba daktari amwone.

Na kabla hujatoka nyumbani, mchukue video. Mtoto kashiba, hana usingizi, kakaa mapajani kwa mtu mwingine, uso kwako, mikono yote nje ya nguo. Kifuniko katikati, kifuniko kulia, kifuniko kushoto, kila upande mara tatu. Halafu mbadilishe nepi ukiwa bado unapiga, miguu ionekane. Dakika mbili zinatosha. Hospitali mtoto atalia au atalala, na daktari hataona kitu. Hiyo video ndiyo utakayompa.